Kartoni 480 ao 384? Namna ya kuhakikisha listi ya kontenere mbele ya kulipa baki

Ndugu wanachama, wengi wenu mnajua kontenere ya kahawa. Kontenere ya futi 20 inabeba mifuko 320 ya kilo 60, ni kusema kilo 19200 za kahawa, na mtu akiwaletea karatasi yenye kusema mifuko 320 na kilo 17000, hakuna hata mmoja kati yenu atakayekubali. Atauliza: kilo 2200 zimeenda wapi? Hesabu ya kahawa mnaiona kwa macho.

Lakini sasa koperative zimeanza kuagiza vifaa pamoja kutoka ng'ambo, na hapo tunaona watu wanasaini karatasi bila kuuliza. Sababu yake inaeleweka: listi ya kartoni inakuja na safu nyingi, imeandikwa kwa Kiingereza, na tarakimu zake ni ndogo-ndogo. Mtu anatazama jumla ya chini, anaona inalingana, basi. Katika makala hii tutachukua listi moja, ya koperative nne za upande wa Butembo na Lubero zilizoagiza pompi za mgongoni na majembe katika kontenere moja ya futi 20, yenye kushuka Mombasa na kupanda kupitia Kampala mpaka Kasindi. Tutaipima mstari kwa mstari.

Wakati ni jambo la kwanza. Mara nyingi mtengenezaji anaomba akonti ya asilimia 30 wakati wa kuagiza, na baki ya asilimia 70 wakati anapotuma kopi ya hati ya meli (ile tunaita konesima). Listi ya kartoni inafika karibu siku ileile. Kati ya kuipokea na kutuma baki, njo wakati wa kuhesabu. Kiisha kutuma baki, swali lenu lingali la haki, ila mtengenezaji hana tena haraka ya kulijibu.

Sasa listi yenyewe. Mstari wa kwanza unasema: pompi za lita 16, moja katika kila kartoni, kartoni 480, kipimo cha kartoni sentimeta 40 kwa 20 kwa 55, uzito wa kartoni moja kilo 3.8, uzito wote kilo 1459, ujazo wote meta 16.90 za ujazo. Mstari wa pili: majembe 4000 bila mpini, 20 katika kila kartoni, kartoni 200, kipimo sentimeta 40 kwa 25 kwa 20, uzito wa kartoni kilo 27, uzito wote kilo 5400, ujazo meta 4.00. Chini, jumla: kartoni 680, kilo 6859, meta 20.90. Kwenye karatasi mtaona uzito pamoja na kartoni umeandikwa G.W., uzito wa mali peke yake N.W., na ujazo CBM. Nukta ndani ya 16.90 ni sawa na mkato wetu wa shuleni. Tutaiandika vile karatasi inavyoiandika.

Mtunza hesabu wa moja ya koperative alijumlisha safu ya chini. 480 na 200 ni 680. 1459 na 5400 ni 6859. 16.90 na 4.00 ni 20.90. Yote ni sawa, na alikuwa tayari kutia sahihi. Ila hesabu hiyo inahakikisha jambo moja tu: kwamba aliyeandika listi anajua kujumlisha, tena siku hizi ni ordinatere inayojumlisha. Kosa la listi ya kontenere haliko sana katika kushuka chini. Liko katika kwenda upande, ndani ya mstari mmoja.

Njo maana tunaanza na kartoni moja. Kartoni ina vitu vitatu visivyobadilika: urefu na upana na kimo chake, uzito wake, na vitu vilivyomo. Ukijua kartoni moja, unajua zote, juu zimetoka katika mashini moja. Tuchukue majembe kwanza. Sentimeta 40 ni meta 0.40, 25 ni 0.25, 20 ni 0.20. Zidisha zote tatu kwa telefone: unapata 0.020, ni kusema sehemu mbili za mia za meta ya ujazo. Mara kartoni 200, ni meta 4.00. Karatasi inasema 4.00. Kilo 27 mara 200 ni 5400. Karatasi inasema 5400. Majembe 20 mara 200 ni 4000, na fakitire inasema 4000. Mstari huu umefunga pande zote, tunaupita.

Sasa pompi. 0.40 mara 0.20 mara 0.55 inatoa 0.044. Mara kartoni 480, inapaswa kuwa meta 21.12. Karatasi inasema 16.90. Kilo 3.8 mara 480 inapaswa kuwa kilo 1824. Karatasi inasema 1459. Hapa kuna upungufu wa meta zaidi ya 4 na kilo 365.

Wengi wakifika hapa wanaandika barua ya kulalamika: "Hesabu yenu ya ujazo ni mbaya." Mtengenezaji atajibu kwa upole kwamba karani alikosea, atatuma listi mpya yenye 21.12 na 1824, na kila mtu atafurahi. Pompi hazitaongezeka hata moja. Mbele ya kuandika, lazima kujiuliza ni tarakimu gani kati ya zile tatu yenye kosa: idadi, ujazo ao uzito?

Kuna njia ya kujua, na ni ya kugawanya. Chukua ujazo wote wa karatasi, gawanya kwa ujazo wa kartoni moja: 16.90 kwa 0.044 ni 384. Chukua uzito wote, gawanya kwa uzito wa kartoni moja: 1459 kwa 3.8 ni 384 tena. Ujazo na uzito ni mambo mawili mbalimbali. Mmoja unatokana na meta, mwingine na baskili. Kama karani angekosea kidole kwenye ujazo, uzito ungebaki sawa. Kosa la kidole haliwezi kugusa vyote viwili na kuvileta kwenye idadi ileile. Kwa hiyo idadi ya kweli ndani ya kontenere karibu hakika ni 384, na ile 480 imenakiliwa kutoka fakitire. Kartoni 96 hazimo. Katika oda hii pompi moja ilikuwa dola 14, basi tunasema juu ya dola 1344.

Kanuni hiyo mnaweza kuitumia kwa listi yoyote. Ujazo na uzito vikikubaliana juu ya idadi fulani, na idadi iliyoandikwa ni nyingine, shaka iko kwenye idadi. Ujazo peke yake ukikataa, huku uzito na idadi vinapatana, tazama vipimo vya kartoni: labda vimechukuliwa kwa kartoni ya modeli ya zamani, ao ni vipimo vya ndani. Uzito peke yake ukikataa, tazama kama mtu ameweka neti mahali pa brite. Hiyo ya mwisho tunaiona mara nyingi, na inajulikana haraka: N.W. na G.W. zinakuwa tarakimu moja, sawa kwamba kartoni, plastiki na bande vyake havina uzito wowote.

Kuna shahidi mwingine ambaye wakulima wachache wanamwita. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinakataza kupakia kontenere iliyojaa bila uzito wake kuhakikishwa. Karatasi yake inaitwa VGM. Ombeni kopi, hata kama mnapaswa kuiomba mara mbili. Katika kisa hiki VGM ilikuwa kilo 9110. Msishtuke kwamba inapita ile 6859: VGM inahesabu na kontenere yenyewe. Uzito wa kontenere tupu umeandikwa kwenye mlango wake, mbele ya neno TARE, na hapa ulikuwa kilo 2230. 9110 kutoa 2230 ni 6880. Toa kama kilo 20 za mbao na kamba za kuzuia mali isicheze, inabaki 6860. Sasa linganisha: listi ilisema 6859. Kama kartoni zote 680 zingekuwamo, mali ingekuwa kilo 7224, na VGM ingepita 9450. Basi baskili ya bandari nayo inasema 384.

Lakini VGM ina njia mbili zilizoruhusiwa. Kwa njia ya kwanza wanapima kontenere nzima ikiwa imefungwa. Kwa njia ya pili wanapima mali na vifaa vya kufungia, kiisha wanajumlisha na TARE. Ile ya pili mara nyingi inatoka kwenye listi yenyewe. Ni listi inayojishuhudia. Ulizeni ni njia gani. Ikiwa ni ya pili, VGM haiongezi sana kitu kwenye uchunguzi wenu.

Barua iliyotumwa kwa mtengenezaji ilikuwa fupi na haikumshitaki mtu. Ilisema: ujazo na uzito wa mstari wa kwanza vyote viwili vinaonyesha kartoni 384, VGM pia, tunaomba mtujulishe kartoni 96 ziko wapi mbele hatujatuma baki. Jibu lilifika kiisha siku mbili. Pompi 96 zilikuwa hazijaisha kutengenezwa siku ya kupakia, na kiwanda kilikuwa na mpango wa kuzituma baadaye na mali ya mteja mwingine. Labda ni kweli. Koperative zilikataa mpango huo, zikaomba fakitire mpya ya pompi 384, na zikalipa baki kwa hiyo. Usafiri wa kontenere haukupungua hata dola moja, juu kontenere inalipwa nzima, ikijaa ao isipojaa. Hapo hasara ilikuwapo, ila ni ndogo.

Faida nyingine ya fakitire mpya ilikuwa Kasindi. DGDA inatoza ushuru kwa thamani iliyoandikwa kwenye karatasi. Karatasi ikisema 480 na ndani kuna 384, mnalipa ushuru wa pompi ambazo hamtaziona. Na ikiwa kinyume, ndani kuna nyingi kuliko karatasi, hiyo ni mbaya zaidi: inaitwa maelezo ya uongo na ina faini, hata kama mlaghai si ninyi. Fakitire, listi, konesima na hati zote za duane zinapaswa kuwa na idadi moja na uzito mmoja. Kama mnasahihisha moja, sahihisheni zote siku ileile.

Turudi kidogo kwenye vipimo vya kartoni, juu njo mahali ambapo kosa dogo linazaa kubwa. Kartoni ya pompi iliyoandikwa 40 kwa 20 kwa 55 ikijazwa inavimba. Tuseme imevimba sentimeta 1 tu kila upande: 41 kwa 21 kwa 56. Sentimeta moja ni upana wa kidole kidogo. Lakini ujazo unatoka 0.044 unafika 0.048, karibu sehemu moja ya kumi zaidi. Kwa kartoni 480 ni meta 2 za ujazo zilizozaliwa na kidole kidogo. Kwa hiyo tofauti ya asilimia 2 ao 3 kwenye ujazo sisi hatuigombanii. Kwenye uzito tunakuwa wakali zaidi, juu kartoni haivimbi kwa kilo. Pompi zote zimetoka katika kalibu moja, na tofauti ikipita asilimia 2 tunauliza. Ile ya mfano wetu ilikuwa asilimia 20 pande zote mbili; hapo hakuna cha kuvimba.

Mkato na nukta pia vinasumbua. Shuleni tumefundishwa kwa Kifaransa kwamba 16,896 ni kumi na sita na kitu. Kwenye karatasi ya Kiingereza ileile 16,896 ni elfu kumi na sita mia nane tisini na sita. Tumewahi kuona karani anayeingiza listi kwenye ordinatere akitoa ujazo ambao haungeingia hata katika kanisa. Ukiona tarakimu ya namna hiyo, usibishane nayo. Zidisha kartoni moja mara idadi, na utajua mkato ulikuwa wa nini.

Mtu atauliza: na kontenere yenyewe ingeweza kubeba kartoni zote 680? Ni swali nzuri, juu mara nyingine mtengenezaji anajitetea kwamba nafasi haikutosha. Ndani, kontenere ya futi 20 ina urefu wa meta 5.90, upana 2.35 na kimo 2.39, ni kusema meta 33 za ujazo. Mali yetu nzima ilikuwa 25.12. Kwa karatasi inaingia na nafasi inabaki. Lakini kartoni si maji, haijazi pembe. Pima vile wapakiaji wanavyopima: kwa kugawanya urefu na kutupa mabaki. Kartoni ya pompi ikisimama, upana wa kontenere unachukua 11 (za sentimeta 20), urefu unachukua 14 (za sentimeta 40), na kimo kinachukua 4 (za sentimeta 55). 11 mara 14 mara 4 ni kartoni 616, sawa na meta 27 tu kati ya zile 33. Meta 6 zinabaki hewa juu, pembeni na karibu na mlango. Njo maana mtu anayeahidi kuingiza meta 32 ya kartoni katika kontenere hii, hajawahi kupakia.

Katika mali yetu majembe yanakuwa chini, yametandazwa kwa urefu wote ili uzito usilale upande mmoja. Yanachukua tabaka moja nzima ya kartoni 126 na nyingine isiyojaa, ni kusema sentimeta 40 za kimo. Juu yake kunabaki meta 1.99, tabaka tatu za pompi zikisimama: kartoni 462. Zile 18 za mwisho zinaingia tu kama mpakiaji anazilaza juu, katika ile nafasi ya sentimeta 34 iliyobaki. Kwa hiyo zote 480 zinaingia, ila mpakiaji mvivu angeacha 18 nje. Kuacha 96 si uvivu wa kupanga.

Uzito, kwa upande wake, haukuwa tatizo. Kontenere nyingi za futi 20 zina kikomo cha kilo 30480 pamoja na TARE (tazama MAX GROSS kwenye mlango), na sisi tulikuwa mbali kabisa. Ila mkiagiza majembe peke yake, mambo yanageuka. Kartoni za majembe zikijaza meta 25 zinakuwa 1250, na uzito wake unapita kilo 33000. Kontenere ingezidiwa ingali na nafasi, na mizani ya barabara ya Kenya na Uganda, kwa mfano ile ya Mariakani, ingeisimamisha kamio. Kwa mali nzito mnafunga hesabu kwa kilo, kwa mali nyepesi mnafunga kwa meta. Kuchanganya pompi na majembe kulikuwa wazo zuri la koperative zenyewe, si letu.

Kontenere ikifika ku depo, hesabu inaanza upya, juu njiani inaweza kufunguliwa na mali kuhamishwa kwenye kamio nyingine. Linganisheni namba ya kontenere na namba ya plombi na zile za konesima mbele ya kukata plombi, na piga picha. Watu wawili wahesabu kartoni mbalimbali, mmoja mlangoni mwa kamio, mwingine mlangoni mwa depo, bila kusikilizana. Kiisha chukua kartoni 10 za pompi kutoka sehemu mbalimbali, si zile za mbele tu, zipandishe kwenye baskili mnayopimia kahawa: zote pamoja zinapaswa kuwa karibu kilo 38. Zikiwa kilo 31, kuna kartoni ndani zisizo na kitu chake, ao zenye pompi bila lansi na mikanda. Fungueni hizo mbele ya dereva. Baskili haisemi kama pompi ni nzuri ao mbaya, hiyo mtaijua kwa kutia maji na kupiga presha.

Na kitu kimoja cha mwisho ambacho dereva hatapenda: bordero yake msiisaini tupu. Andikeni juu yake, kwa bik, idadi mliyohesabu, kartoni zilizopasuka na uzito wa zile 10 mlizopima, tarehe na saa, kiisha sahihi. Dereva akikataa, andikeni kwamba amekataa, na mashahidi wawili watie majina. Asiransi ya mali inaangalia karatasi hiyo mbele ya kitu kingine chochote.